Wodi, Vitanda na Zamu: Jinsi Wasifu wa Muuguzi Unavyosomwa

Mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kuuguza ndugu yake Muhimbili anaijua Mwaisela. Anaijua Kibasila na Sewahaji pia, na akiambiwa mtu amelazwa katika mojawapo ya majengo hayo haulizi njia. Muuguzi aliyefanya kazi humo naye huona jina la jengo limemaliza kila kitu, akaandika kwenye wasifu wake: "Muuguzi, Mwaisela, 2019 hadi 2022." Karatasi hiyo ikimfikia ofisa ajira wa hospitali ya Muscat au Riyadh, au hata ya Arusha, neno Mwaisela linakuwa bubu. Ofisa hajui kama ni wodi ya watoto au ya watu wazima, kama ina vitanda 10 au 60, wala kama mwombaji alikuwa akishika zamu ya usiku peke yake au wakiwa watano.

Wasifu wa muuguzi, au sivii kama wengi wanavyoiita, husomwa kwa jicho tofauti na wa mhasibu au mwalimu. Msomaji wake hatafuti maneno kama "mchapakazi" na "mwenye kujituma", ambayo kila mwombaji huyaandika. Anatafuta majibu ya maswali mawili. Je, sheria inamruhusu mtu huyu kumgusa mgonjwa leo? Na amezoea kuhudumia wagonjwa wa namna gani, wangapi kwa wakati mmoja, akiwa na nani pembeni? Swali la kwanza hujibiwa na leseni. La pili hujibiwa na wodi, na hapo ndipo wasifu nyingi za wauguzi wa Afrika Mashariki huwapunja wenyewe, kwa sababu kazi kubwa iliyofanyika hugeuka kuwa sentensi moja ya "kuhudumia wagonjwa na kutoa dawa".

Tuanze na leseni. Tanzania Bara uuguzi unasimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Muuguzi wa stashahada au shahada husajiliwa. Wa ngazi ya cheti huorodheshwa. Hilo ni jambo moja. Jambo la pili ni leseni ya kutoa huduma, ambayo ina tarehe ya mwisho na lazima ihuishwe. Mtu anaweza kuwa amesajiliwa miaka 10 iliyopita, cheti chake kimewekwa fremu sebuleni, na bado leo hana ruhusa ya kuingia zamu kwa kuwa leseni yake imeisha muda. Wanaosoma wasifu wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana mstari unaosema tu "Nimesajiliwa na Baraza" huwafanya wainue macho na kuuliza: na leseni?

Mstari unaokamilika hutaja jina la baraza, daraja la mwombaji katika daftari la baraza hilo, namba ya usajili, na tarehe ambayo leseni inakwisha. Hukaa juu kabisa, chini ya jina na namba ya simu, kabla ya elimu na kabla ya kazi. Kama leseni inakwisha baada ya miezi 2 na maombi ya kuihuisha yameshapelekwa, iandikwe hivyo hivyo. Kuficha tarehe hakusaidii, maana baraza lenyewe ndilo litakaloulizwa.

Kutaja baraza kwa jina kuna sababu yake. Afya si jambo la Muungano, na Zanzibar ina baraza lake la wauguzi na wakunga. Anayeandika "nimesajiliwa Tanzania" hajaeleza ni upande upi. Kwa wenzao wa kada nyingine mambo ni hayo hayo kwa majina mengine: tabibu na daktari msaidizi wa Tanzania Bara wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na matabibu wa Kenya wana baraza lao wenyewe, mbali na la wauguzi. Herufi za kada nazo hazivuki mpaka. Muuguzi wa Kenya akijitambulisha kuwa ni KRCHN, Mkenya mwenzake anaelewa papo hapo kwamba ni muuguzi aliyesajiliwa wa afya ya jamii. Mtu wa Dodoma anaona herufi 5 tu, kwa hiyo maneno kamili yatangulie.

Kuna kosa dogo la leseni linalokwamisha watu kuliko hata leseni iliyokwisha, nalo ni jina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cheti cha chuo kina matatu, leseni imekata jina la kati ikabaki herufi, na pasipoti imeandikwa jina la mume. Kwa jamaa na majirani huyo ni mtu mmoja. Kwa anayehakiki nyaraka ni watu wanne. Jina la kwenye wasifu lilingane na la leseni, na penye tofauti pawe na hati ya kiapo au hati ya kubadili jina iliyokwisha kuandaliwa, itajwe kwa mstari mmoja.

Uhakiki wenyewe una sura yake, na anayetaka kazi Ghuba hukutana nao mapema. Mamlaka za afya za Saudi Arabia na Dubai, kwa mfano, huwataka wauguzi kutoka nje wapitie kampuni ya DataFlow. Kampuni hiyo haitosheki na nakala iliyogongwa muhuri na wakili. Huandika moja kwa moja kwa chuo kilichotoa cheti, kwa baraza lililotoa leseni, na kwa mwajiri aliyetajwa, ikiuliza kama nyaraka ni zao na kama tarehe ni sahihi. Majibu yakirudi na tofauti, maombi husimama. Kwa hiyo kila mstari wa wasifu unapaswa kuandikwa kwa kukumbuka kwamba kuna mtu, mahali fulani, atakayeulizwa kama ni kweli.

Na mtu huyo ni nani? Hapa muuguzi wa hospitali ya wilaya nchini Tanzania ana mtego wake. Ameandika kwamba mwajiri wake ni hospitali, kwa sababu ndiko anakoamkia kila siku. Lakini barua yake ya ajira ilitolewa na Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, na jalada lake liko kwa ofisa utumishi wa halmashauri. Hospitali ni kituo chake cha kazi. Barua ya uhakiki ikipelekwa hospitali, mganga mfawidhi anaweza kuijibu kwa nia njema huku akitaja tarehe aliyoripoti wodini, ilhali barua ya ajira ina tarehe ya wiki kadhaa kabla. Tofauti ndogo tu, lakini kwa mhakiki ni tofauti. Wasifu ulioandikwa vizuri hutenganisha: mwajiri ni halmashauri fulani, kituo ni hospitali fulani, tarehe ya kuajiriwa ni hii, ya kuripoti ni ile. Aliyehamishwa kutoka kituo cha afya kwenda hospitali ndani ya halmashauri hiyo hiyo hajabadili mwajiri. Amebadili kituo, na aandike hivyo.

Wapo pia waliojitolea. Wahitimu wengi wa uuguzi hukaa muda mrefu wakijitolea hospitalini huku wakisubiri ajira za serikali, na wengine huuacha muda huo nje ya wasifu kwa kuona si kazi kwa kuwa hapakuwa na mshahara. Mgonjwa aliyewekewa dripu na anayejitolea amewekewa dripu kweli. Kinachohitajika ni barua ya uongozi wa kituo inayotaja tarehe ya kuanza na kumaliza, wodi, na kwamba alifanya kazi akiwa na leseni. Neno "kujitolea" lenyewe lisifichwe. Likifichwa, mhakiki ataulizia hati ya mshahara ambayo haipo, na kilichokuwa sifa kitaonekana udanganyifu.

Sasa tuingie wodini. Tuchukue muuguzi wa mfano: ana stashahada ya uuguzi na ukunga, na amefanya kazi katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya kuanzia Machi 2019 hadi Juni 2022, yaani miezi 40. Wasifu wake wa kwanza unasema: "Nilifanya kazi wodi ya wazazi. Majukumu: kuhudumia wajawazito, kuzalisha, kutoa dawa, kumsaidia daktari." Hakuna neno la uongo hapo. Hakuna pia neno linalomtofautisha na muuguzi wa kituo cha afya kinachozalisha akina mama watatu kwa wiki.

Wodi huelezwa kwa mambo machache. Kwanza ni ngazi ya kituo, kwa kuwa zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya rufaa ya mkoa na ya kanda hazipokei wagonjwa wa aina moja. Pili ni aina ya wodi kwa jina la kazi yake, si la jengo wala namba. Wodi ya wazazi peke yake ni jina pana mno, kwa kuwa ndani yake mna leba, mna waliojifungua, mna waliofanyiwa upasuaji, na pengine chumba cha watoto wachanga. Tatu ni vitanda. Nne ni idadi ya wagonjwa au ya uzazi, na tano ni watu waliokuwa zamu.

Muuguzi wetu akiyaweka hayo, mstari wake unakuwa hivi: "Muuguzi mkunga, leba na wodi ya waliojifungua, hospitali ya wilaya. Vitanda 6 vya leba, 24 vya waliojifungua. Uzazi takriban 250 kwa mwezi, chumba cha upasuaji kipo. Kila zamu wauguzi 2 leba na mhudumu wa afya 1, daktari huitwa. Nilisimamia uzazi wa kawaida, kujaza patografu, kutambua na kuanza kudhibiti damu kutoka nyingi baada ya kujifungua, kuhudumia wenye kifafa cha mimba, na kumsaidia kupumua mtoto aliyezaliwa bila kulia." Ni sentensi chache, na msomaji wa Mbeya au wa Muscat tayari anaiona leba ile. Maneno "daktari huitwa" yana uzito wake: yanasema kwamba usiku wa manane, uamuzi wa dakika za kwanza ulikuwa mikononi mwa mkunga.

Lakini huyo 250 ametoka wapi? Asikisie. Tanzania kila leba ina rejesta ya MTUHA, Kitabu namba 12, ambamo kila uzazi huandikwa mstari wake, na mwisho wa mwezi hesabu hujumlishwa na kupelekwa wilayani. Mkunga anayetaka namba za kweli humwomba muuguzi mfawidhi jumla za miezi, achukue wastani. Jumla tu. Kupiga picha kurasa za rejesta zenye majina ya akina mama ni kuvunja siri ya wagonjwa, na kuna wanaofanya hivyo wakidhani wanakusanya ushahidi wa uzoefu.

Umuhimu wa kutokisia unaonekana pale mtu anapotaka kuandika idadi ya uzazi aliousimamia mwenyewe. Tuseme muuguzi wetu, akiwa na hamu ya kung'aa, ameandika 3,000. Msomaji mzoefu hahitaji kupiga simu popote, anachukua kalamu. Uzazi 250 kwa mwezi ni kama 8 kwa siku. Kwa zamu tatu, kila zamu inapata chini kidogo ya 3. Wauguzi ni 2, kwa hiyo kila mmoja anasimamia kama mmoja na nusu. Mtu hufanya zamu zipatazo 20 kwa mwezi, yaani uzazi usiofika 30. Katika miezi 40, ukiondoa likizo za mwaka za siku 28, inabaki kama miezi 37, na jumla inakuja karibu 1,000. Akiandika "takriban 1,000", namba zake zinashikana zote. Akiandika 3,000, namba moja inaiumbua nyingine ndani ya ukurasa mmoja, na kuanzia hapo hata zilizo za kweli hazisadikiki.

Ajabu ni kwamba 1,000 ni idadi kubwa kwa kipimo chochote. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu mafunzo ya wakunga inamtaka mwanafunzi asimamie uzazi angalau 40 kabla ya kuhitimu. Mkunga wa wilaya anaifikisha idadi hiyo kabla hajapata mshahara wake wa pili. Hana sababu ya kuongeza chumvi.

Wodi ya magonjwa ya ndani ina shida ya namna nyingine. Humo namba za kweli zenyewe ndizo zinazoogopesha. Muuguzi akiandika kwamba usiku alikuwa peke yake na wagonjwa 40, hadanganyi, na mwenzake wa mkoa wa jirani atatikisa kichwa kwa kuelewa. Ila asomaye yuko mbali. Jimbo la California nchini Marekani lina sheria, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2004, inayoweka kikomo cha wagonjwa kwa kila muuguzi: 2 katika chumba cha wagonjwa mahututi, 4 katika huduma za dharura, na 5 katika wodi ya kawaida ya magonjwa na upasuaji. Mtu aliyelelewa katika hesabu hizo akikutana na 40 kwa mmoja, atafikiri ni kosa la chapa. Au atafikiri jambo baya zaidi: kwamba mwombaji huyu hajawahi kumwangalia mgonjwa mmoja kwa ukamilifu.

Namba hiyo basi isiachwe peke yake. Inahitaji kuambatana na maelezo ya nani alifanya nini. Katika wodi nyingi za Afrika Mashariki ndugu wa mgonjwa ndiye anayemlisha, anayemwogesha na kumgeuza kitandani, na mhudumu wa afya hutandika na kusafisha. Muuguzi hubaki na dawa, dripu, kanula, mpira wa mkojo, vidonda, kuongeza damu, kupima mapigo na presha, na kumwita daktari hali inapobadilika. Katika hospitali nyingi za Ghuba na Ulaya ndugu huja saa za kutazama wagonjwa akaondoka. Kuogesha, kugeuza na kulisha ni kazi ya muuguzi au msaidizi aliye chini yake. Anayesaili analijua hilo na ataliuliza.

Kwa hiyo mstari wenye akili husema: "Wodi ya magonjwa ya ndani, wanaume, vitanda 32, mara nyingi wagonjwa 40. Mchana wauguzi 3, usiku muuguzi 1 na mhudumu 1. Kwa kila zamu wagonjwa 6 hadi 8 wa uangalizi wa karibu: wa oksijeni, wa sukari iliyopanda, waliopooza, wanaoongezwa damu." Kundi hilo la 6 hadi 8 ndilo linaloeleweka kila mahali. Linaonyesha kwamba kati ya wagonjwa 40 alijua kuchagua nani aanze naye, na ustadi huo hauonekani mtu akiandika idadi peke yake. Kama kuna kazi za mwilini alizofanya kwa mkono wake kwa wasio na ndugu, azitaje. Kama hakuzifanya, asizitaje.

Jina linalotumiwa vibaya kuliko yote ni chumba cha wagonjwa mahututi. Kuna vyumba vinavyoitwa hivyo vyenye mashine za kupumulia, mashine za kufuatilia moyo kila kitanda, pampu za dawa, na muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja au wawili. Kuna na vyumba vinavyoitwa hivyo ambavyo ni kona ya wodi yenye mtungi wa oksijeni na mashine moja inayozungushwa kutoka kitanda hadi kitanda. Kazi ya kona ile si ndogo. Pengine ni ngumu zaidi kwa kukosa vifaa. Lakini si kazi ile ile. Aliyeandika "uzoefu wa mahututi miaka 3" bila kutaja idadi ya vitanda na ya mashine za kupumulia ataulizwa kwenye usaili jinsi ya kumwachisha mgonjwa mashine hatua kwa hatua, au ving'ora vya mashine vina maana gani, na kimya kitamjibia. "Kitengo cha uangalizi maalumu, vitanda 4, oksijeni, bila mashine za kupumulia" ni maelezo ya heshima na yatampatia nafasi inayomfaa.

Mhitimu wa jana hana wodi yake bado. Ana mizunguko. Mwanafunzi wa stashahada huzungushwa wodi baada ya wodi katika miaka yake 3, na wa shahada, baada ya miaka 4 ya chuo, huwa na mwaka mmoja wa utarajali. Vitu hivi viwili visichanganywe. Mwanafunzi hufanya chini ya usimamizi na hana leseni. Mtarajali ameshamaliza chuo na anabeba wagonjwa. Wapo wanaoijumlisha mizunguko ya chuo kwenye "uzoefu wa kazi" ili tangazo linalotaka miaka 2 liwakubali, na hilo hugundulika mara tu tarehe za chuo zinapowekwa kando ya tarehe za kazi.

Mizunguko ikae chini ya elimu, na isiorodheshwe yote kwa urefu sawa. Anayeomba kazi ya watoto aeleze kwa kirefu wiki zake za wodi ya watoto na ya watoto wachanga, ataje hospitali na ngazi yake, na kile alichoruhusiwa kufanya mwenyewe kulingana na kitabu chake cha mazoezi ambacho msimamizi alitia saini. Wiki za macho, meno na afya ya akili zinaweza kukaa pamoja katika mstari mmoja. Baada ya miaka michache ya kazi sehemu hii hupungua mpaka kutoweka, isipokuwa pale mzunguko mmoja ulipokuwa katika hospitali ya pekee, kwa mfano Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete au Ocean Road kwa saratani, na kazi inayoombwa ni ya fani hiyo.

Mafunzo endelevu ndiyo hurefusha wasifu bila faida. Semina ya siku moja ya hapa, warsha ya pale, vyeti vya kuhudhuria 17 vimepangwa kama shanga. Msomaji anauliza mambo manne tu: mafunzo yalihusu nini, nani aliyatoa, yalikuwa ya saa au siku ngapi, na kama cheti kina mwisho. Kadi za kuokoa maisha za Chama cha Moyo cha Marekani, kwa mfano, hudumu miaka 2. Aliyeandika kwamba anazo, huku akiwa alizipata 2019, amejitangaza kuwa hazina tena uhai, na hospitali nyingi za Ghuba humtaka muuguzi awe nazo zikiwa hai.

Mafunzo yenye kishindo ni yale yanayogusa wodi iliyotajwa juu. Mkunga wetu wa wilaya akiwa amepitia mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, ayaweke ya kwanza. Hayo yana historia hapa nyumbani: yalipojaribiwa katika hospitali 8 za Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Muuguzi anayeandika mafunzo hayo na kuongeza kwamba baadaye aliwafundisha wenzake wodini, kwa kurudia mazoezi ya mwanasesere kila wiki, amesema jambo linaloeleweka kokote duniani.

Mabaraza yenyewe yana namna zao za kuhesabu, na ni busara kutunza saa kuliko kutunza vyeti. Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza humtaka kila aliye kwenye daftari lake athibitishe upya kila miaka 3 kwamba amefanya kazi saa 450, amesoma saa 35, na kati ya hizo 20 akiwa pamoja na wengine, si peke yake mbele ya skrini. Ameandika pia tafakuri 5 za kazi yake na kupata maoni 5 ya watu aliofanya nao kazi au aliowahudumia. Muuguzi wa Afrika Mashariki ambaye ameanza mapema kuandika tarehe, mada na saa katika daftari moja hatahangaika siku akiulizwa.

Masomo marefu yana hila nyingine. Wa stashahada aliyepewa ruhusa ya masomo akasome shahada huonekana, tarehe zikisomwa haraka, kama mtu aliyeacha kazi miaka kadhaa. Mamlaka nyingi za leseni huuliza kuhusu pengo la kutomgusa mgonjwa. Dawa yake ni mstari ulio wazi: "Ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri, mizunguko ya wodi ikiendelea," pamoja na tarehe. Uzazi, ugonjwa na kuuguza mzazi navyo huandikwa kwa ufupi na tarehe zake. Pengo lenye jina halimsumbui mtu kama pengo lililozibwa kwa kunyoosha tarehe za kazi iliyotangulia.

Kwa wanaotazama Uingereza kuna jambo la kuangalia kabla ya kumkabidhi mtu wasifu wowote. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 55, ya mwaka 2023, zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na mwongozo wa Uingereza unakataza mawakala kuja kuwatafuta wauguzi katika nchi hizo. Muuguzi mwenyewe kuomba moja kwa moja hakukatazwi. Kwa hiyo wakala anayepita katika makundi ya simu akikusanya wasifu, leseni na pasipoti za wauguzi wa Tanzania kwa ajili ya hospitali za huko ni wa kuulizwa kwanza yeye leseni yake. Namba ya usajili na nakala ya pasipoti ndiyo malighafi ya anayetaka kutengeneza muuguzi wa bandia.

Mwisho wa ukurasa wa pili, na kurasa mbili zinatosha, hukaa wadhamini. Watu wengi huweka mkuu wa chuo wa zamani, mchungaji au shehe, na mbunge ikiwezekana. Kwa kazi ya wodini anayefaa ni aliyemwona mwombaji akiwa zamu: muuguzi mfawidhi wa wodi, metroni au patroni wa hospitali, daktari waliyefanya naye upasuaji usiku. Anwani ya barua pepe ya ofisi ina uzito kuliko ya binafsi, na hospitali ikiwa haina, namba ya simu ya ofisi ya mganga mfawidhi iwekwe. Mdhamini apigiwe kabla wasifu haujatumwa, aulizwe kama angali kituo kile na kama anakumbuka tarehe. Wafawidhi huhamishwa mara kwa mara, na aliyekuwa leba mwaka 2022 huenda leo yuko wilaya nyingine kabisa, hana habari kwamba kuna barua yenye jina lake inayosubiri majibu mezani kwa aliyempokea ofisi.